Bibi kasimulia dakika 17, kitabu kimemaliza kwa ukurasa mmoja na nusu

"Shikamoo mwalimu. Niko chuo, mwaka wa pili. Tumepewa kazi ya kulinganisha hadithi moja inavyosimuliwa na ilivyoandikwa. Nimemrekodi bibi yangu Mbagala akiwasimulia wajukuu hadithi ya kima na papa, dakika 17. Kwenye kitabu cha watoto hadithi hiyohiyo ni ukurasa mmoja na nusu. Nikaandika kwamba bibi anarudiarudia, anatoka nje ya mada, ameongeza kisa cha punda ambacho hakimo kitabuni, na hata feri ya Kigamboni ameitia. Mkufunzi kanirudishia kazi: 'Umeorodhesha tofauti, hujalinganisha.' Sijamwelewa. Halafu toleo sahihi ni lipi? Na nikiandika maneno ya bibi, niyasafishe? Rekodi na nakala ya kitabu nimekutumia."

Marahaba, mwanangu. Rekodi nimeisikiliza mara tatu, na mara ya tatu haikuwa kazi tena, nilikuwa nastarehe tu. Bibi yako ni fundi.

Tuanze na saa, maana saa haina upendeleo. Nilikaa na karatasi nikaandika dakika zimekwenda wapi. Dakika moja na nusu ya mwanzo ni watoto wanakaa, mmoja anatumwa mkeka, na "Paukwa!" inaitwa mara tatu kwa sababu "Pakawa!" ya kwanza ilikuwa ya usingizi. Urafiki wa kima na papa, yaani yale ya kutupiana kuyu, umekula dakika nne. Safari ya baharini na ile siri ya moyo, papa anautaka moyo wa kima na kima anadai kauacha mtini, dakika tano. Kurudi na kupanda mtini, dakika moja. Kisa cha punda wa dobi, dakika nne na nusu. Mwisho, dakika moja. Sasa kamata nakala ya kitabu. Urafiki umepewa sentensi mbili. Safari imepewa aya nzima, ndiyo aya ndefu kuliko zote. Punda hayupo. Na mwisho una mstari ambao bibi hakuusema kabisa: "Fundisho: tusiwe wepesi kuwaamini rafiki wabaya."

Ona basi kwamba kitabu hakikuipunguza hadithi sawasawa kila mahali, kama mtu anayepunguza chumvi. Kimekata hapa, kikaacha pale, kikatia kitu kipya mwishoni. Mkufunzi wako hakuwa anataka ujue kwamba moja ni ndefu na nyingine ni fupi. Hilo hata mtoto wa kwenye mkeka analijua. Alitaka ueleze kwa nini pamekatwa hapo na si pengine, na kile kilichokatwa kilikuwa kinafanya kazi gani. Lile jedwali la kidato cha tatu, fasihi simulizi upande huu na andishi upande ule, ni zuri la kujibia mtihani, ila linakuzoesha kuona vitu viwili vimesimama mbalimbali bila kusemeshana.

Chukua hizo dakika nne za kuyu. Bibi anasema: "Kila siku kima huja, hula kuyu. Papa huja chini. 'Rafiki yangu, nitupie na mimi.' Humtupia. Chubwi!" Halafu anarudia. Siku ya pili, chubwi. Siku ya tatu watoto wawili wanasema chubwi pamoja naye. Siku ya tano bibi ananyamaza kabisa na watoto wote wanapiga chubwi peke yao, na mmoja anapiga mbili akachekwa. Wewe umeandika kwamba hapo anarudiarudia. Sikiliza tena. Bibi anaajiri wafanyakazi. Ameshawapa watoto kazi ya kuwa bahari, na kuanzia hapo bahari itakuwa inaitika kila anapoihitaji.

Sasa ruka hadi dakika ya 16. Kima yuko juu ya mkuyu, papa yuko chini anadai moyo. Kima anachuma kuyu moja, na bibi anasema tu, "Akamtupia." Watoto: chubwi! Kisha wanaangua kicheko, kwa sababu sauti ileile iliyokuwa ya urafiki sasa imekuwa ya dharau. Kicheko hicho kilinunuliwa dakika ya tatu na kimelipwa dakika ya 16. Kitabu, kwa kuwa kimesema "kima alikuwa akimtupia papa matunda kila siku" mara moja tu, hakina cha kulipa mwishoni. Nadhani ndiyo maana kimelazimika kutafuta "Fundisho". Hilo ni maoni yangu, waweza kunipinga, lakini angalia lilivyokaa: pale bibi alipopata kicheko, mwandishi kaweka nasaha. Nafasi ni ileile, kilichoikalia ni kingine.

Huko ndiko kulinganisha ninakokusudia. Unashika kazi moja, hapa ni kuifunga hadithi, unauliza kwa bibi inafanywa na nini, na kitabuni inafanywa na nini. Wakati mwingine utakuta kitabuni haifanywi na kitu, na hilo nalo ni jibu.

Tusogee kwenye mtindo, na tukae mahali pamoja pasipo haraka. Nimenukuu dakika ya saba hivi, nikishuka mstari kila bibi anapopumua, na sauti za watoto nimeziweka kwenye mabano:

Wakaenda.
Wakaenda, wakaenda, wakaendaaa,
nchi kavu haionekani.
(Hata minara?)
Hata minara. Mbele maji, nyuma maji.
Papa akasimama, tii.
"Rafiki yangu."
"Labeka."
"Nina neno."
"Sema."
"Sultani wetu hawezi."
"Pole yake."
"Na dawa yake..."
[kimya, sekunde tatu]
(Moyo!)
Nani kakwambia wewe? "Dawa yake, tumeambiwa, moyo wa kima."

Na kitabu: "Walipofika katikati ya bahari, papa alimweleza kima kwamba mfalme wao, ambaye alikuwa mgonjwa sana, alihitaji moyo wa kima ili apone."

Sentensi moja, maneno 20, na imekaa vizuri; usiidharau. Jicho la msomaji linaweza kubeba "walipofika", likabeba "kwamba", likabeba "ambaye", likafika "ili apone" bila kuchoka, kwa sababu likipotea linarudi nyuma. Sikio halirudi nyuma. Mtoto akikosa neno moja limekwenda. Kwa hiyo msimulizi humpa sikio kitu kimoja kwa pumzi moja: wakaenda, akasimama, sema, hawezi. Hiyo -ka- unayoiona kila mahali ni hatua za miguu. Kila moja inasema "na baada ya hapo". Kitabu kimeiondoa karibu yote, kikaweka -li- na vile viunganishi, kwa sababu kwenye karatasi kuna nukta, kuna aya, kuna macho yanayorudi, hivyo hatua hazihitaji kuhesabiwa kwa sauti.

Usiandike basi kwamba lugha ya bibi ni rahisi na ya kitabu ni sanifu. Lugha ya bibi imepangwa kwa ajili ya kiungo kingine cha mwili. Hapo pana maneno ambayo mwandishi wa kitabu hakuthubutu kuyaacha yalivyo. "Sultani" kamgeuza mfalme. "Hawezi", ambalo kwa Kiswahili cha zamani cha pwani ni kuumwa, kaliita "mgonjwa sana", na ninaelewa: mtoto wa leo akisikia "sultani hawezi" atauliza hawezi nini. Lakini wajukuu wa Mbagala hawakuuliza. Bibi aliishusha sauti, akainamisha kichwa nadhani (ulikuwapo, wewe ndiye unayejua), na kima akajibu "pole yake". Maana ikaeleweka bila kamusi. Uso ulifanya kazi ambayo kitabuni imebidi ifanywe na neno "sana".

Kuna mahali pengine pa namna hiyo, dakika ya 13, ndani ya kisa cha punda, bibi anasema simba "akamtazama hivi". Kwenye rekodi "hivi" ni tundu tupu. Kilichokuwamo ni macho ya bibi. Mwandishi angelazimika kulijaza, aseme "kwa jicho la hasira" au "kwa uchu". Ukinukuu, andika "hivi" kama alivyosema, kisha ueleze kwenye mabano alifanya nini, kama unakumbuka. Kama hukumbuki, liache tundu lionekane.

Na lile neno "Moyo!" la mtoto. Watoto wanaijua hadithi! Wameshaisikia. Kwenye hadithi ya kusimuliwa wasiwasi haupo kwenye nini kitatokea, upo kwenye lini bibi atakitamka. Ndiyo maana ya zile sekunde tatu za kimya. Mwandishi wa kitabu anamwandikia mtoto asiyemjua, ambaye pengine ndiyo mara yake ya kwanza, amekaa peke yake au darasani na wenzake 60, na mwalimu anataka maswali ya ufahamu baada ya kusoma. Kwa hadhira hiyo, kuchelewesha habari ni kumsumbua mtu. Urefu na mtindo, kwa hiyo, vyote viwili vimetoka kwenye hadhira. Kazi yako uliipanga hadhira, kisha urefu, kisha mtindo, kila kimoja na kichwa chake cha habari. Ukianza na hadhira na kuibeba mpaka mwisho, hutahitaji vichwa vitatu.

Feri sasa. Bibi kasema papa "akampakia mgongoni kama feri ya Kigamboni, ila hii haina nauli". Umeiita kutoka nje ya mada. Mimi naiita tarehe na anwani. Inakwambia hadithi hii imesimuliwa Dar, kwa watoto waliokwisha kubanana Magogoni wakisubiri kuvuka, na bibi anajua kwamba mtoto asiyewahi kumwona papa atahitaji kitu kikubwa, kinachobeba, kinachoyumba. Kitabu nacho kina feri yake, ila imefichwa. "Mfalme" ni feri: ni neno lililowekwa ili mtoto wa mbali na pwani asikwame. "Fundisho" ni feri: linakwambia kitabu kilitungwa kupita mlango wa shule. Kila toleo linabeba alama za watu liliotengenezewa. La bibi linazionyesha waziwazi kwa sababu watu wenyewe wamekaa mbele yake.

Nimechelewesha swali lako la toleo sahihi kwa makusudi, kwa kuwa linapita kwa punda.

Umesema punda ameongezwa na bibi. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza wa Zanzibar ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapisha London hadithi alizosimuliwa Zanzibar, Kiswahili na Kiingereza vikitazamana ukurasa kwa ukurasa. Hii yenu imo. Inaanza "Aliondoka kima, akafanya urafiki na papa", mti ni mkuyu, sultani hawezi, dawa ni moyo. Na jina la hadithi nzima ni Kisa cha Punda wa Dobi. Ndiyo, punda ndiye mwenye jina! Kima akishafika juu ya mti anamuuliza papa kama anamfanya yeye punda wa dobi, papa anauliza punda gani huyo, na kima anamsimulia: punda aliyedanganywa na sungura akapelekwa kwa simba, akajeruhiwa akakimbia, kisha akadanganywa tena akarudi, akauawa. Simba alitaka moyo na masikio, sungura akavila, na alipoulizwa akajibu kwamba punda huyu hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo asingerudi mara ya pili.

Bibi yako kasimulia hivyohivyo, kwa maneno yake. Hakuongeza kitu. Kitabu ndicho kilichopunguza.

Na ukirudi nyuma zaidi, safu ni ndefu. Kwenye Kalila wa Dimna, kitabu alichokitia katika Kiarabu Ibn al-Muqaffa karne ya 8, nyani yupo, mti wa tini upo, ila rafiki wa majini ni kobe. Kabla yake, kwenye Panchatantra ya Kihindi, rafiki huyo ni mnyama wa majini wa jamaa ya mamba. Kote kuwili punda asiye na moyo wala masikio yumo. Katika hadithi hii, basi, punda ni mkongwe kuliko papa. Papa tumemtia sisi watu wa pwani, tuliokuwa na bahari mlangoni.

Ukitaka "sahihi", utaanza kumfukuza papa ili umrudishe kobe, halafu umfukuze kobe ili umrudishe mamba, na hutafika. Lakini usijibu kazi yako kwa "yote ni sahihi" pia, maana hapo umelikimbia swali. Unachoweza kukisema kwa uhakika ni hiki: katika sehemu ya punda, bibi amekaa karibu na nakala ya 1870 kuliko kitabu cha watoto. Na usidhani kwamba cha mdomo ndicho kilichotangulia kila mara. Hadithi hii imeingia kitabuni na kutoka kitabuni kwa zaidi ya miaka elfu moja. Pengine bibi aliisikia kwa nyanya yake Kilwa, pengine kuna mtu kwao aliyekuwa na kitabu. Muulize. Swali hilo moja lina thamani kuliko kurasa tatu za nadharia.

Kwa nini punda alikatwa? Kitabu cha watoto kinataka uzi mmoja na fundisho moja, na hadithi ndani ya hadithi inamchanganya mtoto anayesoma kwa kidole. Kwenye mkeka mambo ni mengine. Nimeona kwenye picha uliyotuma kwamba bibi amekaa kwenye kigoda na watoto chini. Kima yuko juu ya mti, papa yuko chini, na kima anamsimulia papa hadithi. Bibi hana haja ya kueleza nani anazungumza. Amekaa tayari mahali pa kima, na watoto wamekaa mahali pa papa. Sikiliza dakika ya 12, anaanza punda kwa sauti nyingine, nyembamba kidogo, na haiachi mpaka kisa kiishe. Kwenye karatasi hayo yangehitaji alama za mtajo ndani ya alama za mtajo, na mhariri yeyote mwenye akili angefikiria kukata. Simlaumu. Ila bila punda, kima anaokoka kwa ujanja tu. Pamoja na punda, anaokoka kwa sababu anajua hadithi. Hilo ni badiliko la maana, na kwenye kazi yako halimo kabisa.

Nakuongezea jambo ambalo litakusaidia mbele ya mkufunzi. Nakala ya Steere ni fupi, haina watoto, haina chubwi tano. Lakini mtindo wake ni wa mdomo: sentensi fupifupi, -ka- juu ya -ka-, "twende zetu" ya papa chini ya mti. Nadhani ni kwa sababu msimulizi alikuwa anaisemea kalamu. Anayeandika kwa mkono hukulazimisha uende polepole, wala haitikii "Pakawa". Hadhira ikiondoka urefu unaporomoka, ila mtindo unaweza kubaki miaka mingi baadaye. Kwa hiyo unayo matoleo matatu: la mkeka, la kuandikisha na la shule. Ukiyapanga hivyo utaona kwamba urefu na mtindo havibadiliki kwa pamoja, na hutasema tena "simulizi" na "andishi" kana kwamba ni vyumba viwili tu.

Waweza kulijaribu mwenyewe. Mrekodi bibi tena, hadithi ileile, wewe na yeye tu, bila wajukuu. Mimi nilimfanyia hivyo mzee mmoja wa Rufiji: mbele ya watoto alitumia dakika 20, mbele yangu mimi na kinasa sauti alimaliza kwa dakika nane, akaniuliza kama chai ipo.

Kuhusu kusafisha: usisafishe. Nasema kwa uchungu wangu mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilinukuu hadithi moja ndefu kutoka kwenye kanda, nikaondoa sauti za watoto kwa kuziona fujo, nikanyoosha sentensi, nikafurahi ilivyopendeza. Kanda ikaja kurekodiwa taarab juu yake. Leo nina kurasa saba safi ambazo siwezi kuzitumia kwa lolote, kwa sababu sijui msimulizi alinyamaza wapi wala nani aliitikia.

Ila swali lako lina ukweli ndani yake: si kila kurudia ni ufundi. Bibi naye ni binadamu, anateleza. Dakika ya tisa anasema, "Akapanda... akashuka, akashuka majini." Huko ni kuteleza na kujisahihisha. Utalitambua kwa sababu linatokea mara moja, linakata mdundo, na watoto hawaliitikii. Kurudia kwa ufundi huja kwa mpango, mara nyingi tatu au zaidi, mara ya mwisho ina badiliko, na hadhira inajiunga. Yote mawili yaandike, ila usiyape hukumu moja. Jipe muda pia. Dakika moja ya rekodi hunila dakika nane hadi kumi za kuandika, hivyo dakika zako 17 ni kama saa tatu za kukaa. Usizimalize kwa kikao kimoja, sikio linachoka na linaanza kusikia linachokitaka.

Sasa mipaka. Rekodi moja haikuruhusu kuandika "Waswahili husimulia hivi". Inakuruhusu kusema bibi huyu, usiku huu, kwa watoto hawa tisa, alisimulia hivi. Wala kitabu kimoja si "fasihi andishi".

Na kuna mahali ambapo mimi wa mbali sina msaada. Ule wimbo wa kima akiwa mgongoni mwa papa, nimeshika "moyo wangu mkuyuni" na kiitikio cha watoto, lakini mstari wa katikati una maneno mawili ambayo kwangu si Kiswahili. Usibahatishe. Andika [halisikiki], nenda kwa bibi, mwombe akuimbie taratibu, umuulize maana na alikolipata. Akisema ni lugha ya kwao na hata yeye hajui maana, tafuta mzee anayeisema lugha hiyo. Mbagala hukosi mtu wa Kilwa au Rufiji mtaa wa pili. Ukishindwa kabisa, panda Mlimani, TATAKI, ile taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uombe kuonana na mtu wa fasihi simulizi uso kwa uso, na uende na rekodi yenyewe. Maandishi yako peke yake hayatawatosha. Na kabla ya yote mwambie bibi unataka kuifanyia nini sauti yake. Kukubali kuwasimulia wajukuu hakumaanishi amekubali kupelekwa chuoni.

Ukienda kurekodi tena, simu uiweke mbali na feni. Kuanzia dakika ya 10 hadi ya 11 nimeisikia feni kuliko bibi, na hapo ndipo papa alikuwa anageuza.